Naomba ushauri: kamera ya pini nne, kompyuta ya pini sita

Wakuu, habari za Dodoma. Nina kanda za MiniDV za harusi ya dada, Kondoa 2006, nataka kuziingiza kwenye kompyuta. Kamera ina tundu dogo la FireWire la pini nne. Nilinunua mjini waya wenye FireWire upande mmoja na USB upande wa pili. Kompyuta haioni kitu. Nikaja kuelewa: waya ule umeunganisha nyaya tu, na USB haiongei lugha ya FireWire.

Kompyuta ya mezani ya jirani ina FireWire ya pini sita. Najua waya wa nne kwa sita unafaa, maana pini mbili za ziada ni za umeme tu, na kamera ina chaji yake. Woga wangu ni tundu lile la pini sita limelegea: plagi ikiingia kinyume, umeme unaweza kuunguza kamera. Mnalipimaje kabla ya kuchomeka?

Pia diski yangu ya nje ina eSATA pekee, na kompyuta hiyo haina. Saa moja ya kanda ni kama GB 13. Ninunue kadi ya eSATA, au niifungue diski niiweke kwenye kasha la USB?