Nimekwama kwenye kadi ya shoga yangu, nimwandikie nini kisichofanana na maneno ya kila mtu?

BintiMchangani
Assalaam alaykum jamani. Shoga yangu wa chanda na pete anatimiza miaka 30 Jumamosi ijayo. Yeye yuko Wete, mie niko Mjini, na kuna ndugu yetu anavuka na boti Alhamisi, kwa hivyo Jumatano usiku kadi lazima iwe tayari. Kadi nimeshanunua, ndani ni nyeupe tupu. Kwenye karatasi ya pembeni nimeandika hivi:

"Heri ya siku ya kuzaliwa rafiki yangu kipenzi. Wewe ni zaidi ya ndugu. Asante kwa kuwa nami katika shida na raha. Mungu akupe maisha marefu, akujaalie mume mwema na watoto wema, na akutimizie ndoto zako zote."

Kila nikisoma naona ni maneno mazuri lakini si ya Raya. Raya hasemi sana na hapendi kusifiwa mbele za watu. Nataka akifungua ajue ni mimi hata nisipotia jina. Nisaidieni.

Mtu wa Chwaka
Dada, nenda Darajani utapata zile kadi kubwa zinazopiga muziki ukizifungua. Zimeshaandikwa kila kitu ndani, wewe ni kutia saini tu.

BintiMchangani
Ahsante kaka, lakini kadi ninayo. Shida yangu ni maneno.

Doti Moja
Mwenzangu, wazee wetu walishatumalizia kazi, tafuta jina la kanga. Mie ningeandika "Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki" katikati ya kadi kwa herufi kubwa, nikatia jina langu chini, basi. Mie na shoga yangu tuligawana doti, kipande kimoja kwake na kimoja kwangu, na siku yake ya kuzaliwa nilimwandikia jina la kanga ile ile. Alilia.

Bi Kalamu
Wa alaykumu salaam mwanangu. Mie nina duka la vifaa vya skuli, na watu huniletea kadi niwaandikie kwa kuwa mkono wangu mzuri. Harusi, kuhitimu, kuzaliwa, zote zinapita kwangu, na maneno uliyoweka hapo juu nimeyaandika mara nyingi mno. Nakupa kipimo ninachowapa wateja wangu: futa jina la Raya, tia jina la jirani yako, kisha soma tena. Ukiona bado inasomeka sawa, hiyo kadi haijawa yake.

Doti Moja kashika nusu ya jambo. Jina la kanga lilimliza shoga yake kwa sababu walikuwa wamegawana ile doti. Kilichomgusa ni kile kipande cha kanga kilichomo kabatini mwake. Ukichukua msemo huo huo ukampa Raya, ambaye hamna doti wala kisa, ataona methali anayoijua tangu skuli, atasoma na kupita. Msemo wa watu wote hufaa pale tu mlipoutumia nyinyi wawili.

Sasa nijibu mambo mawili. La kwanza, nitajie siku moja Raya alipokutendea jambo, usinitajie tabia yake. Usiniambie ana huruma. Niambie alifanya nini, kwa mikono yake, na kulikuwa na chombo gani. La pili, hii dua ya mume mwema, yeye mwenyewe ameshawahi kukuomba umuombee?

BintiMchangani
Bi Kalamu, umenikamata hapo pa pili. Ndoa yake ilivunjika mwaka jana na hapendi hata kuulizwa. Niliandika kwa mazoea tu, ndiyo dua tunayoombeana sote.

La kwanza: tulipofiwa na baba, Raya alivuka kutoka Pemba siku ile ile. Nyumba imejaa watu, kila anayenipita ananiuliza "umekula?" na mie naitikia ndiyo. Raya hakuniuliza. Alikuwa uani anaosha masufuria na kina mama. Watu walipopungua akanishika mkono akanipeleka jikoni, akafunua kawa, kumbe ameniwekea sahani ya wali na kipande cha samaki. Akakaa kwenye mbuzi ya kukunia nazi, kimya, mpaka nikamaliza nikanawa.

Bi Kalamu
Kadi yako ndiyo hiyo, usitafute nyingine. Ukimwandikia "asante kwa kuwa nami katika shida", umeifunika sahani tena. Taja kawa.

Ile dua ya mume itoe kabisa. Mwanamke wa miaka 30 aliyeachika akiisoma hasikii unamuombea, anasikia unamkumbusha kilichopungua. Hata "akutimizie ndoto zako zote" iache, kwa sababu hujazitaja na yeye hajui unazijua zipi. Dua itoke kwenye kisa chenyewe. Yeye alikuwekea sahani, basi muombee naye awekewe. Mie ningeanzia hapa, nawe urekebishe kwa ulimi wako:

"Raya, siku ile kila mtu aliniuliza kama nimekula. Wewe hukuniuliza. Uliniwekea sahani chini ya kawa, ukakaa juu ya mbuzi mpaka nikanawa mikono. Leo umetimiza miaka thelathini. Namuomba Mungu kila nyumba utakayoingia ukute nawe umewekewa sahani yako."

Sentensi zenyewe fupi, na neno rafiki halimo. Wala sikumsifu popote, kwa sababu umesema hapendi.

Abuu Swalha
Mimi nina la kusema kabla hamjaendelea. Siku za kuzaliwa si katika mambo tuliyokuta kwa wazee wetu, na wako wanaoona si vyema kuziadhimisha. Dada ajiulize kama na mwenzake ana mawazo hayo.

BintiMchangani
Nimekusikia kaka na nashukuru. Raya hafanyi sherehe wala keki. Huwa tunaandikiana tu na kuombeana dua, tangu tulipokuwa skuli.

Mwana wa Tungo
Jamani, Zanzibar kadi bila shairi? Nimekaa na kisa chako nikatunga beti moja, mizani nane kwa nane:

Raya wangu nakumbuka, sahani chini ya kawa
Mie moyo umechoka, wala sikuweza kuwa
Ukakaa bila shaka, kama ndugu tulozawa
Umri umeshafika, Rabi akupe muruwa

Andika hii, ataitundika ukutani.

Bi Kalamu
Mwana wa Tungo, mstari wako wa kwanza ni mzuri kuliko wangu wote, nasema kweli. Mizani imetimia na vina umevishika, ka na wa. Lakini angalia mstari wa pili: "wala sikuweza kuwa". Kuwa nini? Neno limekuja kushika kina tu. Na "bila shaka" katika mstari wa tatu ni hivyo hivyo, maana hapakuwa na shaka yoyote pale jikoni. Hapa ndipo mashairi ya kadi yanapoharibika, yanaanza na sahani na kawa, halafu kina kinamvuta mtunzi anaishia kusema chochote. Msomaji huliona hilo hata kama hajui kuhesabu mizani, kwa sababu anafika mahali haoni tena jikoni. Jaribu hivi:

Raya wangu nakumbuka, sahani chini ya kawa
Nilikuwa nimechoka, njaa sikuitambuwa
Hukusema, ukaweka, ukangoja nikanawa

Mstari wa nne nakuachia wewe. Mie nimejaribu kuiingiza ile dua ya sahani na haikubali kukaa katika mizani nane bila kuvunjika.

Mwana wa Tungo
Nimekubali, Bi Kalamu. "Ukangoja nikanawa" imenishinda, hapo sina neno. Mstari wa nne naufanyia kazi.

Mama Ntwa
Mie sikubaliani na nyote. Siku ya furaha mnamtia mtu kwenye msiba? Atafungua kadi akumbuke maiti, na pengine wazazi wake mwenyewe wako hai na hataki kufikiria hayo. Mwandikie mambo ya kucheka. Walisoma pamoja, lazima kuna vituko.

Bi Kalamu
Mama Ntwa una hoja, na ndiyo maana sikuandika neno msiba wala neno baba. Nimeandika "siku ile" tu. Raya anaijua siku yenyewe. Na hili lina faida nyingine: kadi huku kwetu haisomwi na mtu mmoja. Itapita kwa mama yake, kwa wadogo zake, kwa jirani aliyeingia kuazima chumvi. Wote watasoma habari ya sahani na kawa wasielewe lolote, na hakuna siri iliyotoka. Kwa hivyo Binti, chochote utakachoongeza kikubali kusomwa kwa sauti barazani. Vituko vya skuli vingi havikubali.

Mama Ntwa
Bado mie ningeogopa. Mtu hujui ataamkaje siku hiyo.

Kijana wa Konde
Samahani nadandia. Mimi nina sahibu yangu tumekua pamoja, naye siku yake iko karibu. Lakini sisi wanaume hatuna visa vya sahani. Kila nikifikiria nakumbuka tulivyokuwa tukichambua karafuu usiku, na yeye alikuwa mzembe, ananiachia makonyo yote. Hiyo naweza kuiandika?

Bi Kalamu
Andika, tena na makonyo yake. Ila utani wa uzembe unakaa vizuri ikiwa leo hii yeye si mzembe. Akiwa hana kazi sasa, au watu wa kwao wanamsema hivyo hivyo, uache, kwa sababu yeye atasoma ya leo na wewe umeandika ya utotoni. Na usiishie kwenye makonyo. Kwa nini uliendelea kukaa naye mkeka mmoja wakati anakuachia kazi?

Kijana wa Konde
Alikuwa akituhadithia mpaka tunamaliza. Bila yeye tungelala.

Bi Kalamu
Haya, umeshajua utaandika nini.

BintiMchangani
Bi Kalamu, Mwana wa Tungo, Mama Ntwa, nimekaa na maneno yenu usiku kucha. Nimeamua nathari, kwa sababu Raya akiona shairi atadhani nimemuajiri mtu. Nimebadilisha kidogo. Pale "kila mtu aliniuliza" nimetia "watu wote waliniuliza kama nimekula nikawadanganya", maana ndivyo ilivyokuwa, na yeye peke yake alijua nadanganya. Na mwisho nimeongeza: "Nami nitakaa juu ya mbuzi." Mama Ntwa, nimelichukua lako pia, nimempigia simu mdogo wake nikamuuliza hali yake ikoje siku hizi. Anasema yuko vizuri na ananitaja.

Swali la mwisho: kadi inang'aa ndani, kalamu yangu ya jeli inapakazika nikigusa.

Bi Kalamu
"Nami nitakaa juu ya mbuzi", hiyo usiiguse tena, iwe ndiyo mwisho. Kwa karatasi inayong'aa tumia bolpeni ya kawaida, ile ya wino mzito, isiwe ya jeli. Ijaribu kwanza nyuma ya kadi kwenye pembe, pitisha kidole baada ya dakika kadhaa. Ikipakazika hata hiyo, andika kwenye kipande cha karatasi ya kawaida kilichokatwa vizuri, ukibandike ndani. Ukishaandika iache wazi mpaka asubuhi kabla ya kuifunga, na mwambie huyo ndugu yenu aitie kwenye mfuko wa plastiki, maana mkoba ukiwekwa sitahani maji ya bahari huingia.

Mwana wa Tungo
Mstari wa nne bado haujatoka. Mwenye nao aulete.