Tupeane uzoefu: barua ya kuomba kazi ya uhandisi kwa Kijerumani

Kaka wa Tabata: Wadau, mdogo wangu ni injinia wa umeme, kafanya kazi kwenye vituo vya kupozea umeme hapa Dar. Kijerumani kafika B2 na anaomba kazi Ujerumani kwa mara ya kwanza. Mliowahi kuandika ile barua ya ukurasa mmoja, mlianzaje?

Injinia Mbagala: Sahau "Yah:" na "kwa heshima na taadhima". Kichwa cha barua kinakaa peke yake kwa wino mzito: kazi unayoomba na namba ya tangazo. Chini yake unamsalimu kwa jina mtu aliyetajwa kwenye tangazo, unaweka mkato, na mstari unaofuata unaanza na herufi ndogo. Mimi nilianza hivi:

```
Sehr geehrte Frau (jina),

seit drei Jahren prüfe ich in Daressalam
Schutzrelais in 33/11-kV-Umspannwerken.
```

Yaani, kwa miaka mitatu napima rilei za ulinzi kwenye vituo vya kupozea umeme Dar. Tangazo lilitaka mtu wa rilei hizo, basi zikaingia sentensi ya kwanza. Aya ya pili nikaeleza tatizo moja tu: laini ilikuwa inakatika kila mvua ikinyesha, watu wanalaumu rilei, kumbe maji yanaingia kwenye maungio ya kebo. Nikaandika nilivyopima hadi nikapafikia. Kwenye usaili waliniuliza hilo karibu muda wote. Habari za "mchapakazi, mbunifu" hazikuwemo kabisa.

Kiluvya: Asijiite Ingenieur! Bila kibali cha chemba yao ya wahandisi hafanyi kazi kule.

Dada wa Hamburg: Umepatia nusu, kaka. Kinacholindwa na sheria za majimbo ni kile cheo. Kuajiriwa kiwandani ni jambo jingine, wengi wanafanya kazi bila kibali hicho. Aandike jina la shahada kama lilivyo kwenye cheti.

Mimi nasaidia kuchambua maombi ofisini kwetu. Barua ikitoka mbali, bosi huuliza mawili: shahada yake inalingana na ya huku, na ataanza lini? Aangalie chuo chake kwenye anabin, kanzidata ya Wajerumani ya vyuo vya nje, kama kina H+, yaani kinatambulika, kisha aombe ZAB, ofisi yao ya kutathmini elimu ya nje, wamtathminie shahada. Aya ya mwisho aseme amefikia wapi. Tarehe ya kuanza aihesabu kuanzia visa itakapotoka. Mtu wa Dar akiandika "kuanzia kesho", tunajua hajaulizia visa.

Mzee wa Semi: Na leseni ya daraja E wanaikubali?

Kiluvya: Mzee, hapa tunaongelea barua 😂

Binti Ubungo: Mshahara je? Mimi niliutaja bila kuulizwa na wakaniita.

Dada wa Hamburg: Mimi ningesubiri tangazo liulize. Ukitaja, taja wa mwaka mzima kabla ya makato.

Injinia Mbagala: Sikutaja, na niliitwa pia.

Kaka wa Tabata: Hapo mmeniacha njia panda. Na saini je?

Dada wa Hamburg: Asaini kwa kalamu, askani, aiweke juu ya jina lake. Barua, wasifu na vyeti viende kwenye PDF moja, kama tangazo halikusema vingine.