Spika iliyolala kabatini tangu harusi

Mwanaisha: Asalaam aleikum jamaa. Ile spika ya blututhi ya harusi ya Zuhura, mwezi wa 12, haiwaki. Nimeitoa kabatini leo, nabonyeza kitufe, kimya. Nikichomeka chaji, taa nyekundu yamulika mara mbili tatu kisha yazima. Ndiyo imeshakufa?

Hamisi: Waaleikum salaam. Hukuimaliza chaji wewe. Mimi yangu huiacha mpaka ijizime ndipo nachaji. Betri hupenda hivyo.

Mwanaisha: Mbona niliimaliza! Usiku ule ilijizima katikati ya chakacha, tukaitia kabatini vile vile.

Ami Omari: Basi hapo ndipo ilipoumia. Hamisi, hiyo ya kumaliza chaji ni ya betri za zamani za nikeli. Hizi za lithiamu hazitaki. Spika ikijizima hubakisha akiba kidogo ndani, na akiba hiyo yaendelea kuliwa, maana ipo saketi inayokaa macho ikingoja ubonyeze kitufe. Mwanaisha, tazama chini ya spika pameandikwa ngapi.

Mwanaisha: 2200 mAh.

Ami Omari: Haya. Tuseme, kwa mfano tu, saketi na betri yenyewe kupungua vinakula 110 kwa mwezi. Ungeiweka na nusu ya chaji, yaani 1100, ingevumilia miezi 10. Ungeiweka na asilimia 10, ni 220, miezi miwili imekwisha. Wewe uliiweka chini hata ya hapo, na huu ni mwezi wa 5.

Bi Rukia: Mimi betri yangu ya sola niliiacha nusu nilipokwenda Lamu. Niliporudi fundi akaniambia imeharibika kwa sababu haikujaa. Sasa mnasema nusu?

Ami Omari: Fundi wako alisema kweli, Bi Rukia. Yako ni ya asidi, ile nzito ya maji. Hiyo huhifadhiwa imejaa. Ya spika ni kinyume chake.

Bi Rukia: Yote si betri?

Hamisi: 😂😂

Mwanaisha: Ami, nifanye nini na hii kwanza?

Ami Omari: Kwanza igeuze uitazame. Imevimba popote? Mfuniko umeachana, au yanukia kama dawa ya kuondoa rangi ya kucha? Ukiona hivyo, usichaji, niletee. Kama i sawa, ichomeke kwenye chaja ya kawaida ya simu, waya mzuri, juu ya sakafu ya saruji, si kitandani. Iache saa moja hadi mbili ukiwa karibu, hata taa ikizima. Betri ikishuka sana, chaja huipa umeme kidogo kidogo kwanza, kama mgonjwa anayenyweshwa uji kwa kijiko. Usichomoe kila dakika mbili ukidhani imekataa. Ila ikiwa ya moto mpaka mkono haukai, chomoa.

Hamisi: Si afadhali aitie frijini? Nilisikia baridi huhifadhi betri.

Ami Omari: Baridi ni kweli, joto ndilo adui. Lakini ukiitoa frijini kwa unyevu huu wetu wa Mombasa itatoka jasho ndani, saketi ishike kutu. Kabati gani hilo, Mwanaisha?

Mwanaisha: La chumba cha juu, chini ya mabati 🙈

Ami Omari: Kaskazi yote? Hapo hata ungeiweka imejaa ingechoka. Kujaa na joto pamoja ndiyo mbaya zaidi. Ishushe chini, penye kivuli na hewa.

Bi Rukia: Na je, ukiiacha kwenye chaji siku zote?

Ami Omari: Hapana, itakaa imejaa siku zote. Ukitaka kuilaza, ichaji mpaka simu ionyeshe kama asilimia 50 au 60, uizime kwa kitufe, usiiache tu blututhi ikakatika. Kisha kila miezi mitatu itazame, ikishuka iongeze.

*(saa 11:40)*

Mwanaisha: Taa imekaa nyekundu bila kuzima! Saa moja na dakika kumi ilichukua. Si ya moto, vuguvugu tu.

*(saa 3:15 usiku)*

Mwanaisha: Imejaa, taa ya kijani. Lakini nimecheza taarab, dakika 50 imekwisha. Zamani ilikuwa saa tano.

Ami Omari: Mmh. Ichaji mara moja zaidi tuone. Ikibaki hivyo, betri imekula hasara, na hiyo hairudi. Niletee Jumamosi nipime, pengine nyuma pana mahali pa kubadilisha betri, pengine wameigandisha na gundi.

Hamisi: Na yangu je, ninayoimaliza kila mara? Mwaka wa tatu huu.

Ami Omari: Ilikuwa ikicheza saa ngapi ilipokuwa mpya?

Hamisi: …sikumbuki.