Naomba ushauri: hiyo x ya mzizi unaojirudia niieleze vipi?

Habari zenu wakuu. Nafundisha vijana wa mwaka wa kwanza chuoni, tumekwama kwenye y'' + 4y' + cy = 0. Tukiweka y = e^(rx) tunapata r² + 4r + c = 0. Kwa c = 3 mizizi ni -1 na -3, jibu Ae^(-x) + Be^(-3x). Kwa c = 13 mizizi ni namba changamano, -2 ± 3i, jibu e^(-2x)(A cos 3x + B sin 3x). Hapo hakuna anayebisha.

Shida ni c = 4. Mzizi ni -2 tu, jibu (A + Bx)e^(-2x), nao wanauliza x imetoka wapi. Ukiipachika kwenye mlinganyo inakubali, lakini kuhakiki si kueleza.

Nimewaza nianze na mizizi -2 + h na -2 - h (yaani c = 4 - h²), nitoe e^((-2-h)x) kutoka e^((-2+h)x), nigawanye kwa 2h, kisha h ielekee 0. Inabaki xe^(-2x). Naipenda, ila limiti bado zinawatoa jasho. Mwenzangu anapendekeza y = u·e^(-2x): vingine vyote vinakatika, inabaki u'' = 0, hivyo u = A + Bx. Fupi kweli, ila wataniuliza nimejuaje kuweka u.

Mnaofundisha somo hili, mnaanza na ipi?