Tupeane uzoefu: notisi ya kuhama, mlihesabu kuanzia lini?

Wa Kiamunyi: Binamu yangu amepeleka barua leo tarehe 3 Septemba, kwamba atatoka tarehe 30. Ejenti amemrudishia, eti siku hazitoshi na kodi ya Oktoba iko juu yake. Waliohama Nakuru na Kisumu, kwenu ilikuwaje?

Mama Ploti Manyatta: Mimi nina vyumba sita vya kukodisha. Ejenti ana haki. Tena wikendi hazihesabiwi, kwa hivyo huyo bado yuko mbali.

Karani Mstaafu: Mama, kwenye notisi ya siku 30 Jumapili zinahesabiwa kama siku nyingine. Ila kweli siku hazitoshi. Siku ya kuandika haihesabiwi, siku ya kwanza ni tarehe 4. Ukifika 30 Septemba una siku 27 tu. Siku ya 30 inaangukia tarehe 3 Oktoba.

Wa Kiamunyi: Basi alipe hizo siku tatu za Oktoba, yaishe?

Karani Mstaafu: Asome agrimenti kwanza. Ikisema "siku 30", anaweza kubishana hivyo. Ikisema "mwezi mmoja", au ikiwa kimya na kodi ni ya kila mwezi, mambo hubadilika. Sheria ya Ardhi ya 2012, kifungu cha 57, inataka notisi isipungue kipindi kimoja cha kodi na iishe siku ya kulipa kodi. Kama kodi ni tarehe 1, notisi ya 3 Septemba haiwezi kuisha 1 Oktoba. Inasukumwa hadi 1 Novemba. Angeipeleka 31 Agosti, Septemba nzima ingekuwa ndiyo notisi.

Omera wa Nyalenda: Kwetu kodi ni "kabla ya tarehe 5". Kwa hivyo notisi ya tarehe 4 iko sawa.

Mama Ploti Manyatta: Haiko sawa! Tarehe 5 ni huruma yangu, kodi ni ya tarehe 1.

Omera wa Nyalenda: Huruma imeandikwa kwenye agrimenti na sahihi yako iko chini, mama.

Mwalimu Lurambi: Mmenikumbusha Kakamega. Niliandika barua 28 Juni, nikampa keretaka. Jioni hiyo akapata habari ya matanga kwao, akaichomeka ndani ya boksi la mita ya stima na kuondoka. Mwenye nyumba aliipata tarehe 9 Julai. Tarehe 31 pikapu imeshapakiwa, kitanda juu, sufuria zimefungwa ndani ya shuka, mvua ya Kakamega mnaijua. Mzee akaja na kufuli jipya, akafunga geti sisi tukiwa ndani. Akasema notisi yake ilianza alipoisoma, kwa hivyo nina deni la Agosti. Mke wangu akaketi kwenye ndoo katikati ya ua, akasema hatoki hapo mpaka chifu aje. Dereva naye anadai pesa ya kusubiri. Keretaka alipoulizwa akasema barua "ilikuwa salama".

Shosho Free Area: 😂😂 Salama kwenye mita!

Omera wa Nyalenda: Na dereva alilipwa?

Mwalimu Lurambi: Alilipwa na dipozi, kwa maana dipozi sikuiona tena. Chifu alituambia tugawane hasara, geti likafunguliwa saa mbili usiku.

Omera wa Nyalenda: Dawa ni moja: usilipe mwezi wa mwisho, mwambie akate dipozi.

Mama Ploti Manyatta: Na rangi nipake na nini? Na bili ya maji?

Karani Mstaafu: Mwalimu, tarehe iliyo juu ya barua haina nguvu kama huwezi kuonyesha ilifika lini. Chapisha nakala mbili. Anayepokea aandike kwenye yako "nimepokea", tarehe, jina na sahihi. Akikataa, mtumie mwenye nyumba picha ya barua kwa WhatsApp siku hiyo hiyo. Ndani andika siku zote mbili: "Leo 31 Agosti natoa notisi ya mwezi mmoja. Nyumba itakuwa wazi 30 Septemba." Ukiandika tu "baada ya mwezi mmoja", kila mtu atahesabu kwa kalenda yake.

Kinyozi Kondele: Mimi nina duka, agrimenti iliisha kitambo. Ameniambia nitoke kwa wiki mbili.

Karani Mstaafu: Duka lina sheria yake, ndugu. Mwenye jengo akitaka utoke, notisi haipungui miezi miwili, tena kuanzia ulipoipokea. Ipo fomu maalumu. Nenda na karatasi zako kwa baraza la kesi za kodi za majengo ya biashara kabla wiki hizo mbili hazijaisha.

Wa Kiamunyi: Nimesoma agrimenti ya binamu. Imeandikwa "one month's notice", basi. Ejenti sasa anasema akileta mpangaji mwingine kabla ya tarehe 1 atamwachia Oktoba.

Shosho Free Area: Nyumba ni ngapi, na maji yako? Nina mjukuu anatafuta.