Tupeane uzoefu: viambatisho vya kuombea kazi serikalini, kuanzia muhuri wa wakili hadi majina yasiyofanana

Fundi Wino (mwanzisha mada):
Wakuu, habari za jioni. Nina duka dogo la fotokopi na kuskani nyaraka, na leo amekuja kijana akihema kwa sababu tangazo analoomba kupitia Ajira Portal linafungwa usiku huu. Mkononi alikuwa na hati ya matokeo ya kidato cha nne iliyogongwa muhuri wa wakili vizuri kabisa, ilhali masharti ya jumla ya Sekretarieti ya Ajira yanasema wazi kwamba hati za matokeo ya kidato cha nne na cha sita hazikubaliwi, na kinachotakiwa ni nakala ya cheti chenyewe. Muhuri hauigeuzi karatasi ya matokeo kuwa cheti. Nimeona tukusanye yaliyotupata ili vijana wasome kabla ya siku ya mwisho. Je, ni kiambatisho gani kilichokusumbua kuliko vyote?

Mnyalukolo:
Cheti cha kuzaliwa. Watu wengi hawajui kwamba nacho kinatakiwa kithibitishwe na mwanasheria au wakili, wao hugonga muhuri kwenye vyeti vya shule peke yake.

Kaka wa Nzega:
Mimi ni dereva. Tangazo la Dereva Daraja la II lilitaka cheti cha kidato cha nne, leseni ya daraja C au E ambayo mwombaji ameifanyia kazi kwa muda usiopungua mwaka mmoja bila kusababisha ajali, pamoja na cheti cha mafunzo ya msingi ya udereva kutoka VETA au chuo kingine kinachotambuliwa. Kuna madereva wa malori wa miaka mingi ambao hukosa kuitwa kwa sababu ya hicho cha mwisho, kwani barabarani hakuna askari anayekiuliza. Kuhusu muhuri, nawaambia msipoteze fedha kwa mawakili, muhuri wa mwenyekiti wa serikali ya mtaa unatosha.

Mzee wa Masijala:
Kijana wangu wa Nzega, la leseni na VETA umelisema vizuri, lakini la muhuri umechanganya mambo mawili. Barua ya serikali ya mtaa humtambulisha mtu mahali anapoishi, wala haithibitishi cheti. Nimefanya kazi ofisi ya utumishi hadi nikastaafu, na nitaeleza kwa nini jambo hili linakazwa. Tarehe 28 Aprili 2017 Rais Magufuli alipokea mjini Dodoma taarifa ya uhakiki wa vyeti iliyobaini watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi, nao wakaondolewa kazini. Kidato cha nne ndicho kilichowaumbua wengi, hata wale waliokuwa na stashahada halali juu yake. Baada ya hapo hakuna afisa anayetaka kupokea karatasi asiyoweza kuilinganisha na kumbukumbu za Baraza la Mitihani.

Wakili anayethibitisha anapaswa aione hati halisi mezani, kisha agonge muhuri kwenye uso wa nakala yenyewe, aweke saini, jina lake na tarehe. Muhuri usifunike jina lako wala namba ya mtihani. Na unapoipeleka kwa huyu Fundi Wino, mwambie askani kwa rangi, kwa sababu muhuri wa bluu hafifu ukiskaniwa kwa nyeusi na nyeupe unaweza kupotea kabisa, na anayekagua maombi akaona fotokopi ya kawaida tu.

Fundi Wino:
Shikamoo mzee. La rangi ni kweli tupu, mimi nakataa kuskani kwa nyeusi na nyeupe hata mteja akiomba kupunguziwa bei.

Kaka wa Nzega:
Mzee, nimekuelewa, ila rafiki yangu aligongewa na mtaa na yuko kazini hadi leo.

Mnyalukolo:
Rafiki yako aliajiriwa mwaka gani? Tuanzie hapo.

Msomi wa Mazimbu:
Naomba kuuliza. Tangazo la nafasi ya ualimu wa chuo limetaka wastani usiopungua 3.8 kwenye shahada ya kwanza. Mimi nina 3.76, na kwa hesabu ya kukadiria hadi desimali moja hiyo ni 3.8. Nikijaza 3.8 kwenye mfumo nitakuwa nimedanganya?

Mnyalukolo:
Ndiyo.

Mzee wa Masijala:
Jaza kama ilivyoandikwa kwenye hati yako ya alama. Ukijaza 3.8 na kiambatisho kikasema 3.76, umejitengenezea tofauti ya taarifa, na tangazo lenyewe linaonya kwamba atakayewasilisha sifa za kughushi atachukuliwa hatua za kisheria. Kiwango kilichowekwa ni sakafu, hakikadiriwi.

Msomi wa Mazimbu:
Basi mfumo hauna huruma na hisabati.

Binti Kilosa:
Nimesoma hapa nikashindwa kunyamaza, kwa sababu yaliyonipata mimi yalihusu majina. Nina stashahada ya utunzaji kumbukumbu, na niliomba nafasi ya Msaidizi wa Kumbukumbu katika taasisi ambayo sitaitaja. Nyaraka zangu zote zilikuwa na muhuri wa wakili, barua nilikuwa nimeisaini, na wadhamini watatu wenye simu zinazopatikana nilikuwa nao. Nikaitwa kwenye usaili wa kuandika, nikafaulu, nikaitwa kwenye mahojiano. Nilisafiri usiku kucha kwenda Dodoma kwa nauli ya kukopa, na kufika alfajiri nikaoga kwa dada mmoja wa Kizota aliyenihurumia.

Kabla ya kuingia kwenye mahojiano kuna dawati la uhakiki ambapo unatoa vyeti halisi, kuanzia cha kuzaliwa na kuendelea juu. Afisa aliviweka vyeti vyangu kwa mstari mezani kama mtu anayepanga karata, akaviangalia kwa utulivu, kisha akaniuliza, "Wewe ni nani kati ya hawa?" Kwenye cheti cha kuzaliwa jina la baba limeandikwa Saidi na la babu ni Omari. Kwenye cheti cha kidato cha nne jina la babu limekuwa Omary, na la baba limebaki herufi S peke yake. Kwenye kitambulisho cha NIDA baba ni Said, bila herufi ya mwisho. Chuo nacho kilifuata kidato cha nne. Nikatoa hati ya kiapo niliyoandikiwa na wakili kwamba majina yote hayo ni ya mtu mmoja. Akaisoma hadi mwisho, akanirudishia, akanionyesha tangazo la kuitwa kwenye usaili lililotaka mwenye majina yanayotofautiana aje na hati ya kubadili jina iliyosajiliwa. Hakunifokea. Aliniandika jina pembeni na kuniambia sitaendelea. Nilitoka nje nikakaa chini ya mti, na waliokuwa kwenye foleni wakaanza kufungua bahasha zao na kusoma majina yao herufi kwa herufi.

Mnyalukolo:
Pole sana, dada yangu.

Msomi wa Mazimbu:
Jamani, kwa herufi moja! Na wale wa foleni, kuna mwingine aliyetolewa?

Binti Kilosa:
Sikusubiri kuona. Nilikuwa natafuta basi la kurudi.

Kaka wa Nzega:
Hapo nabisha. Mimi kwenye leseni ni Mohamed na kwenye cheti ni Mohamedi, nilikwenda na kiapo na nikafanya usaili bila kuulizwa. Dada alikutana na afisa mkali tu.

Mnyalukolo:
Au wewe ulikutana na afisa aliyechoka. Ndugu, usiwapeleke watoto wa watu Dodoma kwa bahati yako.

Kaka wa Nzega:
Nimeombwa uzoefu, nimetoa uzoefu. Kama hautakiwi, semeni.

Mzee wa Masijala:
Vijana, msigombane, kila mmoja ameeleza lililompata. Nimeona kiapo kikipokelewa na nimekiona kikikataliwa, kwa hiyo siwezi kuwaambia kwamba kuna jibu moja kwa kila usaili. Ninachojua ni kwamba kiapo ni maneno yako mbele ya Kamishna wa Viapo, ambapo hati ya kubadili jina huandaliwa na wakili na kusajiliwa kwa Msajili wa Hati, hivyo inabaki kwenye kumbukumbu za serikali na mtu mwingine anaweza kuikagua. Someni tangazo la kuitwa, maana hilo ndilo litakalowekwa mezani siku hiyo.

Jambo la pili ni kuchagua jina la kufuata. Wengi hukimbilia kufuata cheti cha kuzaliwa kwa kuwa ndicho cha kwanza. Mimi huwashauri wafuate cheti cha kidato cha nne, kwa sababu hicho ndicho kigumu kuliko vyote kubadilika baada ya mtihani, na vyeti vya juu yake kwa kawaida hubeba jina lilelile. Kwa Binti Kilosa, chuo na kidato cha nne tayari vinakubaliana, kwa hiyo kinachopaswa kusogea ni kitambulisho, na hati iliyosajiliwa ieleze tofauti ya cheti cha kuzaliwa.

Binti Kilosa:
Ndivyo nilivyofanya baadaye, mzee. Wakili aliiandaa hati, ikasajiliwa, ndipo nikaenda NIDA nikiwa nayo. Kisha nikarudi kwenye mfumo na kurekebisha taarifa zangu binafsi, kwa sababu jina nililokuwa nimesajilia akaunti lilikuwa lile la zamani.

Mwana wa Mutukula:
Ndugu zangu, mimi nilisoma sekondari na chuo Uganda, na wakili wa Bukoba amenithibitishia vyeti vyote. Niko salama?

Kaka wa Nzega:
Shahada ipeleke TCU ikatambuliwe, mengine hayana shida.

Mzee wa Masijala:
Nusu ya jibu hiyo. Shahada ni TCU, lakini vyeti vya sekondari vya nje hupelekwa NECTA vilinganishwe na vya kwetu, na kama una stashahada ya nje basi ni NACTVET. Muhuri wa wakili unasema nakala inafanana na hati uliyomwonyesha, hausemi kama hati hiyo inatambuliwa nchini.

Fundi Wino:
Niongeze la wasifu, maana limesahaulika. Vijana huleta wasifu mrefu wenye picha na mambo wanayopenda, wakaupakia, halafu sehemu za mfumo wenyewe za elimu, uzoefu wa kazi na wadhamini wakaziacha na mapengo. Mahali panapoumiza zaidi ni pale unapochagua kundi la kozi kwenye orodha. Wiki iliyopita mteja mwenye stashahada ya kumbukumbu na nyaraka alikuwa amejiweka kwenye kundi la utawala kwa kuwa lilikuwa la juu kwenye orodha, na mfumo ukawa unamwambia hana sifa za nafasi aliyoisomea. Tulipobadilisha kundi, nafasi ikafunguka.

Msomi wa Mazimbu:
Kumbe! Basi huenda tatizo langu si 3.76.

Mnyalukolo:
Tatizo lako ni 3.76, mkuu.

Binti Kilosa:
Mzee, swali la mwisho. Kuna anayesema nakala zenye muhuri wa zaidi ya miezi sita zinahesabiwa zimepitwa na wakati. Zangu zina tarehe ya mwaka jana, na jina kwenye vyeti hivyo halijabadilika. Nigonge upya?

Mzee wa Masijala:
Katika masharti ya jumla sijawahi kuona ukomo huo, binti yangu. Soma tangazo unaloomba sasa, na kama halisemi kitu, tumia hizo hizo.

Mnyalukolo:
Mimi ningegonga upya. Elfu mbili kwa karatasi ni nafuu kuliko nauli ya Dodoma.