Kitabu cha mahafali kurasa 28 cha pini mbili: nipange kurasa mwenyewe au niwaachie wachapaji?

dizaina_moro
Wakuu naombeni msaada, nina kitabu cha mahafali ya kidato cha sita, saizi A5, kurasa 28 ukihesabu na kava, kinakunjwa katikati na kupigwa pini mbili mgongoni. Kava gramu 300, ndani atipepa gramu 150. Nakala 400. Mwaka jana kazi kama hii ilinitoa machozi, ukifungua kurasa za katikati unakuta namba za kurasa zimeliwa na kisu, na fremu ya dhahabu niliyozungusha kila ukurasa huku mwanzoni nene, kufika katikati imebaki uzi. Mteja alidhani nimekosea dizaini. Sasa nalinganisha njia tatu: niprinti mwenyewe ofisini kwa `Booklet` ya Acrobat, au nipange kwa `Print Booklet` ya InDesign, au niwape wachapaji PDF ya ukurasa mmoja mmoja wapange wao. Mliofanya hizi kazi mnaonaje?

kisu_kikali
Acrobat inapanga namba vizuri ila haijui unene wa karatasi, ukurasa wa 3 na wa 13 inauweka sehemu ileile kabisa. Halafu inapunguza saizi ili itoshe eneo printa inapofika, kwa hiyo rangi yako ya mpaka ukingoni inageuka mstari mweupe kuzunguka. Kwa ratiba ya ibada ya kurasa 8 naitumia kila wiki na sina tatizo nayo, ila kwa kazi yako hapana. Na ukiijaribu, kumbuka upande wa pili ugeuzwe kwa `Flip on short edge`, la sivyo nyuma yote inatoka kichwa chini.

Njoro254
Hiyo kitu ilinipata kwa programu ya mazishi ya guka, picha ya familia niliitandaza kurasa mbili, ukurasa wa 6 na 7, ikatoka uso wa shangazi umekatika, nusu iko juu nusu iko chini. Rangi pia hazikufanana. Kwa hivyo usiweke picha katikati ya mkunjo kabisa.

fundi_wa_kava
Njoro pole sana kwa msiba, ila hilo ni tatizo la jirani yake, siyo hili. Ukurasa wa 6 na 7 ziko kwenye karatasi mbili tofauti, zinakutana tu baada ya kukunjwa, ndiyo maana zikapishana. Karatasi moja inayobeba kurasa mbili zinazofuatana zikitazamana ni ile ya katikati kabisa. Kwa kitabu cha 28 ni 14 na 15, hapo tandaza picha ya wahitimu wote bila hofu, chunga tu pini zisitue usoni kwa mtu.

Sasa nirudi kwa Moro. Chukua karatasi 7 za A4, kunja zote pamoja, andika namba 1 mpaka 28 kwa kalamu kama unavyosoma kitabu, halafu zifungue. Karatasi ya nje utaona 28 kushoto na 1 kulia, nyuma yake 2 na 27. Ya ndani kabisa upande mmoja 16 na 13, upande wa pili 14 na 15. Kila jozi ukijumlisha lazima upate 29. Hata ukipewa PDF iliyopangwa na wachapaji pitia hivyohivyo, jozi moja ikileta 30 ujue kuna ukurasa umeruka au umewekwa mara mbili, simamisha kazi. Na angalia shufwa ziwe kushoto siku zote.

Kuhusu fremu yako, karatasi ya katikati inakaa ndani ya nyingine sita, na kila moja inaisukuma nje kwa unene wake. Kava gramu 300 ni kama milimita 0.3, atipepa 150 kadiria 0.13, mara tano ni 0.65, jumla inakaribia milimita 1. Kisu kinakata ukingo wote ulingane na kava, basi hiyo milimita inatoka kwenye kurasa za kati peke yake. Kama fremu ilikuwa na upana wa milimita 3 kuanzia ukingoni imebaki 2, na kisu chenyewe kikiyumba kidogo ndiyo unapata uzi.

bi_uchapaji
Mimi naona mnamtisha bure, kusogea kwa kurasa ni habari ya vitabu vya kurasa 48 kwenda juu. Tunafanya vya 16 hapa kila siku hakuna aliyelalamika.

fundi_wa_kava
Dada kwa 16 za karatasi gramu 80 uko sahihi, karatasi nne tu, ya ndani inasukumwa milimita 0.3 na jicho halioni. Ila siyo idadi ya kurasa peke yake inayoamua, ni unene wa karatasi pamoja na ulichoweka ukingoni. Yeye ana karatasi nene na ana fremu, na fremu inatangaza kila nusu milimita.

kisu_kikali
InDesign sasa. Unachagua `2-up Saddle Stitch`, kuna sehemu ya `Creep`, ndiyo ya kusogeza kurasa kufidia unene wa karatasi, unaweka namba hasi, kisha fungua `Preview` uhakikishe kurasa za kati ndizo zinasogea kuelekea mkunjo na za nje zimetulia. Ukiona zinakimbilia nje umekosea alama. Ubaya wake ni kwamba ukipanga mwenyewe halafu wachapaji nao programu yao inasogeza tena, umesogeza mara mbili, maandishi yanaingia kwenye mkunjo. Kwa nakala 400 wape ukurasa mmoja mmoja wenye blidi milimita 3, yaani rangi ipite mstari wa kisu kiasi hicho, uwaambie kwa maandishi karatasi gani na kwamba wewe hujasogeza kitu.

dizaina_moro
Asanteni sana. Na upande wa mkunjo niache kiasi gani? Mwaka jana niliacha 8 ndani, 6 nje.

fundi_wa_kava
Ndani mimi naacha 12 nje 10. Kumbuka kurasa za kati zikisogezwa ile milimita 1 inatolewa upande wa mkunjo, 8 inakuwa 7, na atipepa 150 ni ngumu haitaki kulala, msomaji analazimika kukibana kitabu ili aone herufi za mwanzo wa mstari. Majina ya wahitimu usiyapeleke huko. Na fremu itoe, au iingize ndani milimita 10, hapo milimita moja haitaonekana.

kisu_kikali
Kwa hapo sikubaliani kidogo, ukishaacha 10 nje na fremu hakuna, kwa kurasa 28 wala huhitaji kusogeza, acha kama zilivyo.

fundi_wa_kava
Mimi ningesogeza tu, safu ya namba za kurasa ukipeperusha kitabu inaonekana inahama. Lakini wapo wazuri wengi wanaofanya kama wewe.

dizaina_moro
Nimerudi. Nimechukua karatasi zenyewe dukani, kava moja na atipepa sita, nikakunja nikapiga pini bila kukata, rula inasoma kama milimita 1 na kitu, ya kati imechomoza. Fremu nimeitoa, namba za kurasa nimezihamishia chini katikati. Nawapelekea wachapaji ukurasa mmoja mmoja, na nimewaomba nakala moja iliyokunjwa na kukatwa kabla hawajaanza zile 400. Wamesema kesho jioni.

bi_uchapaji
Ukiipata fungua 14 na 15 kwanza, pima kutoka maandishi mpaka ukingo, halafu pima na ukurasa wa 3. Tuletee namba hapa, nami nataka kuona.